Kiungulia si lazima kiwe vidonda vya tumbo

Mama mmoja wa miaka 41, anayeendesha mgahawa mdogo, alikuja kliniki akiwa na bahasha ya kaki iliyojaa karatasi. Alizipanga mezani moja baada ya nyingine. Yalikuwa majibu ya maabara kutoka vituo vitatu tofauti, ya kipindi cha miaka miwili, na kila karatasi ilikuwa na neno moja lililozungushiwa wino mwekundu: chanya.

"Dokta," akaniambia, "nimemaliza dozi za vidonda vya tumbo mara nne. Hawa wadudu wamegoma kutoka. Naomba unipe dawa kali zaidi."

Wiki hiyohiyo tulimpokea fundi ujenzi wa miaka 52. Yeye hakulalamika tumbo hata kidogo. Aliletwa na mwanawe kwa sababu alikuwa akipata kizunguzungu kila akisimama, na alikuwa amedondoka kazini. Tumbo halikumuuma, kiungulia hakuwa nacho, na hakuna siku aliyowahi kupima vidonda vya tumbo.

Ndugu msomaji, kati ya hawa wawili, mwenye kidonda tumboni alikuwa fundi. Mama aliyetibiwa vidonda mara nne hakuwa navyo. Nitakueleza walivyofikia hapo, kwa sababu kila wiki naona watu wanaopita njia ya mama huyu, na kila baada ya muda naona mmoja anayepita njia ya fundi.

Moto mmoja, magonjwa mawili

Kwa lugha ya mtaani, kila kinachochoma kati ya kitovu na koo huitwa vidonda vya tumbo. Mtu husema "nina vidonda" kama anavyosema "nina mafua". Lakini kidonda ni kidonda kweli: ni sehemu ambapo ngozi laini ya ndani ya tumbo, au ya sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, imechimbika. Ukiingiza kamera ndani unakiona, unaweza hata kukadiria upana wake.

Kiungulia ni jambo jingine. Chakula hushuka kutoka kooni kupitia bomba linaloitwa umio. Pale umio unapokutana na tumbo kuna msuli wa duara unaofanya kazi kama mlango. Hufunguka chakula kikipita, kisha hufunga. Tumbo limeumbwa kuvumilia asidi, yaani ile tindikali inayosaga chakula, kwa sababu limefunikwa na ute mzito. Umio hauna kinga ya namna hiyo. Mlango ukilegea au ukifunguka ovyo, asidi hupanda na kuuchoma umio. Hapo hakuna kidonda tumboni wala mdudu anayehitaji kuuawa. Asidi imefika tu mahali isipotakiwa.

Nilimwomba mama aniambie moto wake unaanzia wapi na unakwenda wapi. Aliweka kidole kwenye chembe ya moyo, akakipandisha katikati ya kifua hadi kooni. Akasema usiku huamka na maji machungu mdomoni, na asubuhi sauti huwa imekwaruza. Humzidia akiinama kufua au akilala. Mgahawa hufungwa saa tatu usiku, yeye hula saa nne, na saa nne na nusu yuko kitandani. Katika miaka miwili hiyo alikuwa ameongezeka kilo 12.

Maelezo hayo ni ya kucheua asidi. Moto unaopanda, ladha chungu mdomoni, na kuzidi ukiinama au ukilala baada ya kula ndiyo alama zake kubwa. Uzito unaoongezeka tumboni husukuma kutoka chini, na ndiyo sababu wajawazito wengi nao huungulia. Mimba huongeza msukumo huo, na homoni zake hulegeza ule mlango.

Maumivu ya kidonda kwa kawaida hukaa palepale kwenye chembe ya moyo na hayapandi. Kidonda kilichopo mwanzoni mwa utumbo mwembamba huuma mtu akiwa na njaa, na humwamsha saa saba au saa nane usiku. Akila kidogo hupata nafuu, kisha maumivu hurudi baada ya saa chache. Kidonda kilichopo ndani ya tumbo lenyewe huweza kuuma zaidi mtu akila.

Hata hivyo, nisikudanganye kwamba maelezo hayo yanatosha. Watu wengi hawafuati kitabu. Wapo wenye kidonda wasiohisi lolote, kama yule fundi. Na wapo wengi sana wanaoungua kwenye chembe ya moyo, hushiba haraka na hujaa gesi, lakini kamera ikiingizwa tumbo lao linaonekana safi. Hao tumbo lao ni jepesi kuhisi na hufanya kazi kwa mwendo usio sawa. Maumivu yao ni ya kweli, ila kidonda hakipo. Ndiyo maana maumivu peke yake hayatoshi kumpa mtu jina la mgonjwa wa vidonda.

Bakteria anayeishi ndani ya asidi

Kwa miaka mingi madaktari waliamini kwamba vidonda huletwa na mawazo na pilipili. Mwaka 1982, katika mji wa Perth nchini Australia, Barry Marshall na Robin Warren walifanikiwa kumwotesha bakteria waliyekuwa wakimwona kwenye vipande vidogo vya nyama vilivyotolewa kwenye matumbo ya wagonjwa. Wenzao wengi hawakuamini kwamba kiumbe anaweza kuishi kwenye asidi. Mwaka 1984 Marshall alikunywa mchuzi wenye bakteria hao. Baada ya siku chache akaanza kutapika, na kamera ikaonyesha tumbo lake limevimba ndani. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel.

Bakteria huyo anaitwa Helikobakta pailori. Kwenye karatasi za maabara huandikwa kwa kifupi, herufi H ikifuatiwa na neno pailori. Huishi kwa kujitengenezea amonia, ambayo hupunguza ukali wa asidi pale alipo, kisha hujichimbia chini ya ute wa tumbo. Akikaa humo miaka, huchokoza ngozi ya tumbo na kudhoofisha kinga yake. Kwa baadhi ya watu husababisha tumbo litoe asidi nyingi kuliko kawaida, na asidi hiyo ikimwagikia kwenye utumbo mwembamba huchimba kidonda.

Sasa zingatia jambo hili. Katika nchi zetu watu wazima wengi wana bakteria huyu, na wengi wao hawatapata kidonda maisha yao yote. Wanaopata kidonda ni kama mtu mmoja au wawili kati ya kila 10 wenye bakteria. Kwa hiyo ukikutwa naye imejulikana tu kwamba unaye. Bado haijathibitika kwamba una kidonda, na wala haijathibitika kwamba ndiye anayekuchoma.

Na kama tatizo lako ni asidi inayopanda, kumuua bakteria hakutaurekebisha mlango wa umio. Hapo ndipo mama wa mgahawa alipokwama. Alimeza dozi nne za antibayotiki kutibu mlango uliolegea.

Ile karatasi ya chanya

Karatasi zote zilizokuwa kwenye bahasha zilikuwa za kipimo kimoja, kile cha damu cha haraka kinachotolewa majibu ndani ya dakika chache. Kipimo hiki hakitafuti bakteria. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili uliwatengeneza kupigana na bakteria huyo. Askari hao hubaki kwenye damu miezi mingi, hata miaka, baada ya bakteria kuuawa.

Ina maana mama huyu huenda alipona kwenye dozi ya kwanza. Lakini kila aliporudia kipimo kilekile kilimwonyesha chanya, na kila alipoonekana chanya alipewa dawa upya. Angeweza kuendelea hivyo miaka mingine mitano.

Vipimo vinavyoonyesha kama bakteria yupo leo ni viwili visivyohitaji kamera. Cha kwanza ni cha choo kikubwa, kinachotafuta vipande vya bakteria mwenyewe. Cha pili ni cha pumzi, ambapo unakunywa kimiminika maalumu kisha unapuliza. Kama bakteria yupo, atakivunja kimiminika hicho na alama yake itatoka kwenye pumzi. Cha pumzi hakipatikani kila mahali. Cha choo kinapatikana katika hospitali na maabara nyingi za mijini, ila lazima uulize kwa jina: "Hiki ni kipimo cha damu au cha choo?"

Vipimo hivi vina sharti ambalo watu wengi hawaambiwi. Dawa za kupunguza asidi kama omeprazo na wenzake huwafanya bakteria wapungue na kujificha, hivyo kipimo kinaweza kusema hasi wakati wapo. Unapaswa kuwa umeacha dawa hizo kwa wiki mbili kabla ya kupima, na antibayotiki ya aina yoyote kwa wiki nne. Kama mtu alikunywa omeprazo jana na leo akapimwa choo kikawa hasi, jibu hilo haliaminiki.

Mama alikuwa anatumia omeprazo kila siku, tena kwa kununua mwenyewe dukani. Tulimwachisha kwa wiki mbili. Nilimruhusu vidonge vya magnesiamu vya kutafuna pale moto ulipomzidia, kwa sababu hivyo hupoza asidi iliyopo bila kukiharibu kipimo. Baada ya wiki mbili akaleta choo. Majibu yalikuwa hasi.

"Kwa hiyo wadudu wameisha?" akauliza.

"Wameisha, mama. Pengine waliisha zamani."

Alinyamaza kidogo, kisha akaanza kupiga hesabu ya fedha alizotumia.

Tulichofanya badala ya dozi ya tano

Kwa kuwa hakuwa na dalili ya hatari hata moja, na nitazitaja hapa chini, hatukukimbilia kamera. Tulitibu kiungulia chenyewe.

Nilimwandikia omeprazo ya miligramu 20, kidonge kimoja kwa siku, kwa wiki nane. Utasema alikuwa anaitumia tayari. Ndiyo, lakini alikuwa anaimeza usiku baada ya kula, akishikwa na moto. Dawa hii haizimi asidi iliyokwisha kumwagika. Inazifunga pampu zinazotengeneza asidi, na pampu hizo hufanya kazi chakula kinapoingia. Ndiyo maana humezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya kula, kwa kawaida kabla ya kifungua kinywa, na kila siku. Nafuu kamili huchukua siku kadhaa.

Pili, chakula cha jioni. Nilimtaka ale saa moja jioni palepale mgahawani, ili saa nne anapolala ziwe zimepita saa tatu. Hili lilikuwa gumu kwake kuliko dawa, kwa sababu ndiyo saa ya wateja wengi. Alikubaliana na binti yake amshikie kazi kwa dakika 20.

Tatu, kitanda. Miguu ya upande wa kichwani ikawekewa matofali hadi ikainuka kama sentimeta 15. Kuongeza mito peke yake hakusaidii, kwani huukunja mwili kiunoni na kulibana tumbo. Nikamwambia pia alalie ubavu wa kushoto, maana ukilala hivyo tumbo huwa chini ya umio na asidi hupata shida kupanda.

Nne, uzito. Hata kupungua kilo chache huonekana kwenye kiungulia.

Mama alikuwa ameacha vyakula vingi: maharage, pilipili, machungwa, ndizi za kupika, hata chai. Nikamwambia pilipili haichimbi kidonda, na maharage hayamlishi bakteria. Vyakula huchochea kiungulia kwa watu tofauti kwa namna tofauti, kwa hiyo arudishe kimoja kimoja na aache kile tu anachoona kwa macho yake kinamchoma. Kwake yeye vilikuwa viwili: chapati zenye mafuta mengi na soda. Maziwa, ambayo alikuwa anakunywa usiku kama dawa, hupoza kwa muda mfupi kisha huliamsha tumbo litoe asidi zaidi.

Baada ya wiki nane alikuwa analala usiku mzima. Tulipunguza dawa taratibu kwa wiki chache, kwa sababu ukiikata ghafla baada ya miezi mingi asidi huweza kurudi kwa kasi kwa siku kadhaa, na mtu akadhani ugonjwa umerudi. Bado huungulia mara mojamoja, hasa kukiwa na sherehe na chakula kikachelewa. Anajua sababu, na harudi maabara.

Fundi na vidonge vya mgongo

Turudi kwa fundi. Nilimuuliza kuhusu choo chake. Alisita, kisha akasema kwa siku nne kilikuwa cheusi na kinanata kama lami, tena kikitoa harufu mbaya isiyo ya kawaida. Hakukiona kama ugonjwa. Alidhani ni mboga aliyokula.

Choo cha namna hiyo ni damu iliyotoka tumboni na kusagwa njiani. Vidonge vya kuongeza damu navyo huweza kukifanya choo kiwe cheusi, lakini fundi hakuwa anavitumia. Kiwango chake cha damu kilikuwa kimeshuka sana, akaongezewa damu. Kamera ilionyesha kidonda mwanzoni mwa utumbo mwembamba.

Kilichokuwa kimekichimba kilikuwa mfukoni mwake. Kwa miezi mitano alikuwa anameza diklofenaki mara mbili kwa siku kwa ajili ya mgongo. Dawa za jamii hiyo, pamoja na ibuprofeni na aspirini, huzuia kemikali zinazoleta maumivu. Lakini kemikali za jamii hiyohiyo ndizo zinazolifanya tumbo liendelee kutengeneza ute wake wa kinga. Dawa inafanya kazi hiyo kupitia damu, kwa hiyo kumeza ukiwa umeshiba hakuondoi hatari, na kuchomwa sindano badala ya kidonge hakulikwepi tumbo. Na kwa kuwa dawa hizi hupunguza maumivu, wakati mwingine hufunika hata maumivu ya kidonda chenyewe. Mtu husikia dalili ya kwanza ikiwa ni kizunguzungu.

Kipande kidogo cha nyama kilichochukuliwa kwa kamera kilionyesha kwamba bakteria naye alikuwepo. Vyanzo hivi viwili vikikutana kwa mtu mmoja, hatari ya kidonda na ya kutoka damu huwa kubwa zaidi. Fundi aliachishwa diklofenaki, akapewa parasetamo kwa ajili ya mgongo, na akaanzishiwa matibabu ya bakteria.

Matibabu hayo ni mchanganyiko wa antibayotiki mbili au zaidi na dawa ya kupunguza asidi mara mbili kwa siku, kwa kawaida kwa siku 14. Mdomo huweza kuwa na ladha ya chuma, na tumbo likaharisha kidogo. Wengi huacha siku ya tano au ya sita kwa sababu hiyo, au kwa sababu wamepata nafuu. Bakteria aliyepigwa nusu ndiye anayejifunza kuishinda dawa, na usugu wa baadhi ya antibayotiki hizi umekuwa tatizo kubwa. Ndiyo maana sipendi kuona dozi ikinunuliwa dukani bila kipimo cha kuaminika, wala ikirudiwa ileile kwa mtu ambaye ilishindwa kumponya.

Wiki sita baada ya kumaliza antibayotiki, na baada ya wiki mbili bila dawa ya asidi, fundi alipima choo. Hasi. Hatua hii hurukwa na wengi, na kwa mtu aliyewahi kutoka damu ni ya lazima, kwa sababu bakteria akibaki kidonda huweza kurudi. Usipime kabla ya wiki nne kuisha tangu umalize dawa, na usipime kwa damu.

Lini moto huo lazima uchunguzwe

Kiungulia kinachokuja mara moja kwa wiki baada ya mlo mzito hakihitaji kamera. Lakini nenda hospitali, siyo duka la dawa, ukiona mojawapo ya haya:

- Chakula kinakwama au kinauma kikishuka. Dalili hii naiweka ya kwanza kwa makusudi. Mashariki mwa Afrika ni eneo lenye saratani ya umio nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia, na huwapata hata watu ambao hawajazeeka. Mtu aliyeanza kukwamwa na ugali, kisha wali, kisha uji, amechelewa. Aje wakati ugali unapoanza kusumbua.

- Unapungua uzito bila kukusudia, unashiba kwa matonge machache, au unatapika mara kwa mara.

- Umepimwa ukakutwa na upungufu wa damu usio na sababu inayojulikana.

- Dalili zimeanza kwa mara ya kwanza ukiwa na miaka zaidi ya 50, au kuna mzazi au ndugu wa damu aliyeugua saratani ya tumbo.

- Umetumia dawa ya kupunguza asidi kwa usahihi kwa wiki nane na moto uko palepale.

Haya yafuatayo hayasubiri asubuhi. Kutapika damu au kitu kinachofanana na machicha ya kahawa. Choo cheusi kama lami, hasa kikiambatana na kizunguzungu au moyo kwenda mbio. Maumivu makali ya ghafla na tumbo kuwa gumu kama ubao, maana huenda kidonda kimetoboka. Na maumivu ya kifua yanayobana kama uzito, yakielekea mkono, bega au taya, pamoja na jasho au kukosa pumzi. Hayo huweza kuwa ya moyo. Nimeona wagonjwa waliomeza magnesiamu usiku kucha wakisubiri moyo upoe.

Kamera yenyewe huwatisha watu bila sababu kubwa. Unakaa bila kula kwa saa zisizopungua sita, unapuliziwa dawa ya ganzi kooni, na wakati mwingine unapewa dawa ya usingizi mwepesi. Bomba lenyewe ni jembamba kuliko kidole, na kazi huisha ndani ya dakika 5 hadi 15. Haina raha, lakini ndiyo inayoona kidonda kwa macho na kuchukua kipande cha nyama kwa ajili ya bakteria na saratani.

Na watoto je?

Wazazi huniuliza kama wampeleke mtoto kupimwa bakteria kwa sababu tumbo linamuuma. Ni kweli kwamba wengi wetu tulimpata bakteria huyu utotoni, ndani ya familia, kupitia mate, matapishi na choo. Kunawa mikono kwa sabuni na kutomtafunia mtoto chakula ni tahadhari zinazoeleweka.

Lakini mtoto anayeuma tumbo karibu na kitovu, anayekula, anayecheza na anayeongezeka uzito, hahitaji kipimo hicho. Atakutwa chanya kama watoto wengine wengi, atapewa antibayotiki, na tumbo litaendelea kuuma, kwa sababu chanzo kilikuwa kingine, mara nyingi choo kigumu. Mlete kwa uchunguzi kama maumivu yanamwamsha usiku, anatapika damu au nyongo ya kijani, uzito umesimama au umepungua, ana damu kwenye choo, au amepauka.

Na mtoto mchanga anayecheulia maziwa begani mwako baada ya kunyonya, huku akinenepa na akicheka, si mgonjwa. Mlango wake wa umio haujakomaa. Wengi huacha kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu. Usimpe omeprazo ya dukani.

Ukija kumwona daktari

Kabla ya kuonyesha majibu ya maabara, tueleze mambo manne: moto unaanzia wapi na unakwenda wapi, unakuja saa ngapi, ukiwa na njaa, umeshiba au umelala, choo chako kina rangi gani, na dawa zote za maumivu ulizomeza miezi mitatu iliyopita, zikiwemo zile za mgongo, za hedhi na za magoti ambazo watu hawazihesabu kuwa dawa. Fundi angeulizwa swali hilo la mwisho miezi mitano mapema, huenda asingehitaji damu ya mtu mwingine.